Mkato mdogo kabisa wa grafu: kwa nini kurudia jaribio kunaleta uhakika

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Nimeandika programu ya kutafuta mkato mdogo kabisa wa grafu kwa mbinu ya Karger: nachagua ukingo kwa bahati nasibu, naunganisha nodi zake mbili ziwe moja, naendelea mpaka zibaki nodi mbili. Kila nikiiendesha napata jibu tofauti. Naambiwa nirudie tu. Kama jaribio moja halina uhakika, kurudia kunauletaje? Na kwa nodi 100 nirudie mara ngapi?

Jibu: Ndugu yangu, angalia kwanza programu yako inakosea kuelekea wapi. Nodi mbili zinazobaki mwishoni, kila moja ni kundi la nodi za awali, na kingo zilizo kati yake ni mkato halisi wa grafu yako, yaani kingo ambazo ukiziondoa grafu inagawanyika vipande viwili. Jaribio likienda vibaya linakupa mkato mkubwa kuliko unaoutafuta, kamwe si mdogo kuliko jibu sahihi. Ndiyo maana unarudia na kushika jibu dogo kuliko yote: jaribio moja tu likifanikiwa, hata elfu yaliyoshindwa hayawezi kuliharibu. Tungekuwa tunachukua wastani au kupiga kura, mbinu hii isingefaa kitu.

Tuchukue grafu ndogo: pembetatu ABC na pembetatu DEF, zimeunganishwa na ukingo mmoja, CD. Mkato mdogo kabisa ni huo CD peke yake. Jaribio linafanikiwa endapo CD haichaguliwi katika hatua zote nne. Hatua ya kwanza kuna kingo 7, kwa hiyo CD inanusurika kwa uwezekano wa 6/7. Tuseme umeunganisha A na B: ukingo AB unatoweka, na sasa kutoka AB kwenda C kuna kingo mbili sambamba. Zimebaki kingo 6, na CD inanusurika kwa 5/6. Ukifuata njia zote hadi mwisho, uwezekano wa kufanikiwa ni 13/35, karibu 0.37. Jaribio moja basi linashindwa mara nyingi kuliko linavyofaulu. Lakini ili majaribio 10 yote yashindwe, uwezekano ni 22/35 ikizidishwa yenyewe mara 10, ambao haufiki hata 1%.

Sasa tuje kwenye grafu yoyote yenye nodi n. Mkato mdogo ukiwa na kingo k, kila nodi lazima iwe na kingo zisizopungua k, la sivyo kuitenga nodi hiyo peke yake kungekuwa mkato mdogo zaidi. Kwa hiyo kingo zote hazipungui nk/2, na uwezekano wa kugusa mkato katika hatua ya kwanza hauzidi 2/n. Hoja hiyo hiyo inashika kila nodi zinapopungua, na ukizidisha uwezekano wa kunusurika wa hatua zote, sehemu nyingi zinafutana, linabaki hili: jaribio moja linafanikiwa kwa uwezekano usiopungua 2/(n(n−1)).

Kwa nodi 100 hiyo ni 1 katika 4,950. Ni ndogo, naam, ila inapungua kwa kasi ya n mraba tu, ilhali namna za kuigawa grafu ni karibu 2 kwa kipeo cha 99. Ukirudia mara 4,950, uwezekano wa kushindwa kote unashuka hadi chini ya 1/e, yaani 0.37. Kila mafungu mengine ya 4,950 yanaupunguza tena kwa kiasi hicho hicho. Ukitaka kushindwa kusizidi delta:

```python
import math

T = math.ceil(n*(n-1)/2 * math.log(1/delta))
```

Kwa kushindwa 1 katika 100 unahitaji majaribio yapatayo 22,800. Kwa 1 katika milioni, yapatayo 68,400. Uhakika umeongezeka mara elfu kumi, kazi imeongezeka mara tatu tu.

Hesabu hii inadai majaribio yasitegemeane. Ukianzisha kizalishaji cha nambari nasibu kwa mbegu ile ile ndani ya kitanzi, unarudia jaribio moja mara 22,800. Ianzishe mara moja tu, nje.

Kosa baya zaidi ninaloliona ni kufuta kingo sambamba. Futa tu ukingo unaotoka kwenye nodi na kurudi kwenye nodi hiyo hiyo. Sambamba zibaki zote, maana ndizo zinazofanya maeneo yaliyofungamana yachaguliwe mara nyingi kuliko mkato. Jipime kwa grafu ya nodi 4 zilizounganishwa zote kwa zote. Jibu ni 3. Programu ikikupa 1, unazifuta.

Kwa nodi 100 usiogope kurudia. Kwa maelfu ya nodi, tumia mbinu ya Karger na Stein ya 1996. Hatari iko hatua za mwisho, nodi zikiwa chache, kwa hiyo wao wanasimama zikibaki kama n/√2, ambapo mkato umenusurika kwa uwezekano wa karibu nusu, na kurudia sehemu iliyobaki tu, mara mbili mbili, badala ya kuanza upya kila mara.