Gemu niliyoipakua mapema imegoma kufunguka: nifute nianze upya?

Swali: Mtaalamu, nilinunua gemu ya GB 100 kwenye Steam na kuipakua siku chache kabla haijatoka. Siku yenyewe, saa mbili usiku, ikaniandikia "content still encrypted". Baadaye ikaanza "Unpacking", ikachukua zaidi ya saa nzima, kisha ikakwama kwa "disk write error". Diski yangu ni HDD na imebaki na GB 30. Rafiki ananiambia nisogeze mbele saa ya kompyuta, fundi wa mtaani anasema nifute kila kitu nipakue upya. Nimsikilize nani?

Jibu: Usimsikilize hata mmoja, na tafadhali usifute chochote. Kwa laini ya megabiti 10 kwa sekunde, GB 100 ni kama saa 22 za kupakua bila kukatika, na bando la kiasi hicho si pesa ndogo. Ushauri wa "futa upakue upya" umewamalizia watu bando kwa tatizo ambalo halikuhusu intaneti hata kidogo, na anayeutoa si yeye anayelipia bando hilo.

Nianze na huyo wa saa, maana dhana hii nakutana nayo kila gemu kubwa inapotoka. Watu wanaamini kwamba gemu iliyopakuliwa mapema iko nzima ndani ya kompyuta, na kinachozuia ni kalenda tu. Sivyo. Ulichopakua ni mafaili yaliyosimbwa, yaani data iliyovurugwa kwa hesabu kiasi kwamba bila ufunguo wake haisomeki. Ufunguo huo haumo kwenye diski yako. Uko kwenye seva za Steam, na hutolewa kwa akaunti iliyonunua gemu pale muda wa kutoka unapofika kwa saa ya seva, si kwa saa ya ukutani kwako. Ni kama kufuli ambalo ufunguo wake uko mji mwingine: hata ukiisogeza saa yako hadi mwakani, ufunguo haujafika.

Tena kuchezea saa kunaharibu. Kompyuta inapozungumza na seva kwa njia salama hukagua vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Saa yako ikipotoka sana, vyeti hivyo vinaonekana batili na Steam inashindwa kuunganishwa, hivyo unajifungia mlango ambao ufunguo ungepitia. Uvumi huu umepata nguvu kutokana na Xbox, ambako watu hubadilisha eneo kuwa New Zealand ili wawahi gemu zinazofunguka saa sita usiku ya kila nchi. Hapo kinachobadilika ni eneo ambalo seva inalitambua, si saa. Gemu nyingi za Steam hufunguka kwa wakati mmoja duniani kote. Saa nne asubuhi ya pwani ya magharibi ya Marekani ni muda unaotumika sana, na kwetu Afrika Mashariki ni saa mbili usiku wanapokuwa kwenye majira yao ya kiangazi, saa tatu usiku wakiwa kwenye ya baridi. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa macho tangu saa sita ya usiku uliotangulia bila faida.

Ule ujumbe wako wa kwanza, "content still encrypted", ulimaanisha hivyo tu: mafaili yapo, ufunguo bado. Mara nyingi programu ya Steam inakuwa haijapata taarifa mpya kwamba gemu imeachiwa. Dawa yake ni kuifunga Steam kabisa, siyo kubonyeza alama ya X tu ikabaki ikifanya kazi chinichini. Nenda kwenye menyu ya Steam, chagua Exit, kisha uifungue tena ukiwa mtandaoni. Ikiendelea kugoma, subiri kidogo, kwa sababu dakika hizo kila aliyenunua anagonga mlango uleule. Si jambo jipya: Half-Life 2 ilipotoka Novemba 16, 2004, watu walikuwa wameshaipakua mapema kupitia Steam, lakini seva za uthibitisho zilielemewa na wengi wakashindwa kuifungua siku hiyo.

Kwako ufunguo ulifika, ndiyo maana "Unpacking" ilianza. Kuanzia hapo kazi ni ya diski na prosesa. Kompyuta inasoma mafaili yaliyosimbwa, inayafungua, na kuyaandika upya yakiwa yanasomeka. Kwenye HDD kichwa kilekile kinasoma huku na kuandika kule, kikirukaruka muda wote. Saa nzima au zaidi kwa GB 100 si ajabu. SSD, aina ya diski isiyo na kichwa cha kurukaruka, huimaliza kazi hiyo haraka zaidi. Fungua ukurasa wa Downloads ndani ya Steam uangalie grafu: mstari wa mtandao ukiwa chini kabisa na wa diski uko juu, basi kazi inaendelea, iache.

Sasa tatizo lako lenyewe. Kwa kuwa mafaili yanaandikwa upya, Steam inahitaji nafasi ya ziada, na inaweza kukaribia ukubwa wa gemu nzima. Ulibaki na GB 30, kwa hiyo ninachokishuku kwanza ni kwamba diski ilijaa katikati ya kazi. Hakikisha kabla ya kugusa kitu: fungua faili hili, nenda mwisho kabisa, na utafute mistari ya saa ile ilipokwama.

```
C:\Program Files (x86)\Steam\logs\content_log.txt
```

Kisha hamishia video na gemu za zamani kwenye diski ya nje hadi upate nafasi ya kama GB 100 kwenye diski hiyohiyo, halafu bonyeza kuendelea. Kwa kawaida Steam huanzia ilipoishia. Ikimaliza lakini gemu isifunguke, tumia "Verify integrity of game files": inakagua vipande na kupakua vilivyoharibika tu. Ikiandika "disk write error" tena wakati nafasi ipo, angalia kama antivairasi inazuia folda ya Steam. Ikiwa haizuii, ishuku diski yenyewe, hasa kama inagongagonga au kompyuta inaganda unapokopi mafaili mengine, na uokoe kazi zako kwanza kabla ya kuhangaika na gemu.

Bakiza bando pia. Mara nyingi kuna sasisho la siku ya kwanza, na baadhi ya gemu huhitaji intaneti mara ya kwanza kuzifungua, hata kama utacheza peke yako.

Na kuna watu wanaoniudhi kuliko fundi wako. Kila gemu kubwa inapotoka hujitokeza wanaouza programu ya "kufungua mapema", au wanaokuambia uwape jina la akaunti, nenosiri na kodi ya Steam Guard, ule ulinzi wa ziada wa akaunti, wakufungulie wao. Hakuna fundi anayeweza kutoa ufunguo ambao seva haijautoa. Ukimpa kodi ile, umempa akaunti nzima na kila gemu uliyowahi kununua. Kama umeshampa mtu, badilisha nenosiri sasa hivi, kisha kwenye mipangilio ya Steam Guard uondoe vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti yako, halafu ndipo urudi kwenye gemu.