Kuchukua 100 ya leo hakuthibitishi upendeleo wa sasa

Swali: Niliulizwa nichague 100 leo au 110 wiki ijayo, nikachukua 100. Kisha nikakataa mchezo wa sarafu wa kupata 150 au kupoteza 100. Mkufunzi amesema nina upendeleo wa sasa na chuki ya hasara. Ni kweli?

Jibu: La kwanza, hawezi kulijua kwa swali moja, na kosa hili nakutana nalo kila mara. Kukosa subira ni jambo moja, upendeleo wa sasa ni jingine.

Chukua mtu ambaye kila wiki ya kusubiri humpunguzia thamani kwa asilimia 10. Kwake, 110 ya wiki ijayo ni sawa na 99 leo, basi anachukua 100. Ukimuuliza kuhusu wiki ya 10 na ya 11, bado atataka ile ya mapema, kwa kuwa uwiano haujabadilika. Hana subira, lakini hajipingi, na nadharia ya kawaida ya manufaa inamkubali bila shida.

Mwenye upendeleo wa sasa hupunguza kila kisicho cha leo kwa mkupuo mmoja, tuseme hukizidisha kwa 0.8. Leo anapima 100 dhidi ya 88, anachukua 100. Kwa wiki ya 10 na ya 11 anapima 80 dhidi ya 88, anachagua kusubiri. Wiki ya 10 ikifika, anageuka. Huko kugeuka ndiko dalili, kwa hiyo lazima uulizwe maswali yote mawili. Hata hapo, anayeogopa kwamba malipo ya baadaye hayatafika atajibu vivyo hivyo.

Kuhusu sarafu, mkufunzi ana hoja nzuri zaidi. Tuseme manufaa yako, yaani uzito unaoipa pesa, yanafuata logi ya mali yako yote: kila nyongeza hukufaa kidogo kuliko iliyotangulia, na matokeo mawili ya sarafu hulinganishwa kwa kuyazidisha. Ukiwa na 300, mchezo unakupeleka 450 au 200, na 450 × 200 ni sawasawa na 300 × 300, kwa hiyo kucheza na kutocheza ni mamoja. Ukiwa na zaidi ya hapo, ungepaswa kukubali. Mwenye 10,000 anayekataa hapimi mali yake yote. Anapima faida na hasara kuanzia pale alipo, na hasara inamwelemea. Ikimwuma mara mbili, hesabu ni 75 kutoa 100, yaani hasi 25.

Ila hiyo "mara mbili" isigeuzwe sheria ya maumbile. Wanasaikolojia Tversky na Kahneman mwaka 1992 walipata kwamba hasara huuma mara 2.25 ya faida, nayo ilikuwa thamani ya katikati ya washiriki wao. Wengine walikuwa juu yake, wengine chini. Wanaouza vipimo vya tabia vya swali moja wanambandika kila mtu namba hiyo, kisha wanamuuzia mafunzo ya nidhamu kutibu ugonjwa ambao hawakuupima.