Masta au miaka mitatu kazini?

"Nina digrii na miaka minne kwenye miradi. Nisome masta au nipige kazi miaka mitatu tena? Nalenga kazi ya ngazi ya P-3 Umoja wa Mataifa."

Piga kazi, ndugu. Tangazo la P-3 huomba masta na uzoefu wa miaka mitano, lakini soma mstari unaofuata: mara nyingi digrii ya kwanza yenye miaka miwili ya ziada inakubalika. Jumla saba, na wewe utakuwa nayo bila kulipa ada. Ila iwe ya fani hiyohiyo; miaka yangu miwili ya mapokezi haikuhesabiwa kabisa. Kuna mdau anasema masta hufungua kila mlango. Kufundisha chuo kikuu, sawa, huko huna ujanja. Ukipata masta ya jioni huku unafanya kazi, hapo hata mimi ningesita.