ABS na TC kwenye pikipiki: zinasaidia wapi, zinaishia wapi

"Nimehamia pikipiki yenye ABS na TC. Je, sasa naweza kubana breki ya mbele kwa nguvu zote popote bila kuanguka? Na ule mtetemo kwenye mkono wa breki ni ubovu?"

Mtetemo si ubovu. Na hapana, si popote: ukiwa umenyooka kwenye lami unaweza kuibana mpaka mwisho, lakini kwenye kona mambo ni mengine.

ABS ni mfumo unaozuia tairi lisijifunge, yaani lisiache kuzunguka, unapobana breki; TC huzuia tairi la nyuma lisizunguke bure unapovuta mafuta. Tuanze na ABS. Kila gurudumu lenye ABS lina sensa inayosoma kasi yake. Kompyuta ikiona tairi linapunguza mwendo ghafla kuliko pikipiki nzima inavyoweza kupunguza, inajua linakaribia kujifunga. Hapo inalegeza presha ya mafuta ya breki, tairi linazunguka tena, presha inarudi, na mzunguko huo unajirudia mara kadhaa ndani ya sekunde moja. Ndicho unachokisikia vidoleni. Wengi wakiusikia mtetemo huo wanashtuka na kuachia breki, wakati ndipo walipohitaji kuendelea kubana. Usiachie.

Ila elewa kwamba ABS haiongezi mshiko wa barabara. Chukua mwendo wa kilomita 60 kwa saa, yaani karibu mita 17 kila sekunde. Gari linakata mbele yako. Ukitumia sekunde moja kuliona na kufikia breki, mita 17 zimeshaondoka kabla pedi hazijagusa diski. Kwenye lami kavu, breki nzuri inakusimamisha ndani ya mita nyingine 17 hivi, jumla 34. Lami ikiwa imelowa, sehemu ya breki peke yake inaweza kufika mita 28, jumla 45. ABS ni ileile siku zote mbili. Kilichobadilika ni barabara, na kuna mita 11 zaidi ambazo hakuna kompyuta itakayokurudishia.

Namna ya kubana nayo ina maana kubwa. Mimi nafunga mkono wa mafuta, na papo hapo navuta mkono wa breki ya mbele mpaka nisikie pedi zimegusa. Shokapu za mbele zinaanza kuzama, uzito unahamia mbele, tairi linakandamizwa chini. Kuanzia hapo naongeza nguvu bila kusita, hata mpaka ABS ianze kutetemeka ikibidi. Yote hayo yanachukua chini ya sekunde moja, lakini mpangilio huo ndio siri. Ukiukwapua mkono wa breki kwa pupa, tairi linataka kujifunga kabla halijapata uzito, ABS inalegeza mapema, na unapoteza mita pale ulipozihitaji zaidi. Breki ya nyuma ikanyage pamoja na ya mbele, kwa wepesi, maana nyuma kunazidi kuwa kwepesi. Bana tangi kwa magoti, macho yatazame mbali, klachi ivute karibu na kusimama. Hakikisha pia kama ABS yako iko magurudumu yote mawili; zipo pikipiki zenye ABS ya mbele tu, na hizo tairi la nyuma bado linajifunga.

Sasa kona. Tairi lina mshiko wa kiasi fulani, na ukiwa umelala na pikipiki upande mmoja, sehemu yake kubwa inatumika kukupindisha. ABS ya kawaida haijui umelala kiasi gani. Inaruhusu tairi lianze kuteleza kidogo ndipo ilegeze. Ukiwa umenyooka, kuteleza huko hakuna madhara. Ukiwa umelala, kunatosha kukuangusha. Zipo ABS zenye kipimo cha mlalo zinazopunguza nguvu ya breki mapema, lakini nazo zinatumia mshiko uleule. Kama kuna nafasi, nyoosha pikipiki kwanza, halafu bana kweli. Kama nafasi hakuna, bana polepole na uongeze kadiri pikipiki inavyonyooka.

Kwenye changarawe, ABS mara nyingi hurefusha umbali wa kusimama, kwa sababu tairi lililojifunga hukusanya kokoto mbele yake na hizo husaidia kulizuia. Hata hivyo ya mbele naiacha iwake, maana tairi la mbele likijifunga kwenye kokoto unaanguka mara moja.

TC ni habari fupi. Ikiona tairi la nyuma linazunguka haraka kuliko la mbele, inapunguza nguvu ya injini. Inafanya kazi unapovuta mafuta tu. Haishughuliki na breki, haiokoi tairi la mbele linaloteleza, na ukishusha gia mbili kwa mpigo ukaachia klachi ghafla, tairi la nyuma linaweza kuburuzika bila TC ya kawaida kufanya lolote.

Taa ya ABS huwaka unapowasha pikipiki na kwa kawaida huzimika ukianza kutembea. Ikibaki imewaka, breki bado zipo lakini tairi linaweza kujifunga. Anza kwa kuangalia sensa za magurudumu kama zina tope au waya umekatika.