Barua kwa mwanangu: Huyo "wewe" wa hadithi yako

"Mama, hadithi yangu ya dada wa kazi nimeiandika yote kwa 'wewe', maana nataka msomaji ajione yeye ndiye aliyeuzuia ule mshahara. Rafiki yangu kaisoma akasema ni mbwembwe tu. Nimrudishe mhusika awe 'yeye', au kuna namna ya kuiandika ikakubalika?"

Mwanangu mpenzi,

Usimrudishe. Hadithi hii inaihitaji nafsi ya pili kuliko nyingi nilizopata kuhariri. Ila rafiki yako naye ameona kitu cha kweli, na kinaanzia ukurasa wa kwanza kabisa.

Umefungua hivi: "Wewe ni mwanamke wa miaka thelathini na minane. Unafanya kazi benki, una watoto wawili. Moyo wako ni mzito." Kijana wa miaka ishirini na mbili akiisoma, amekwisha kukataa mara tatu kabla hajageuza ukurasa. Si mwanamke, hafanyi kazi benki, na moyo wake leo ni mwepesi. Umempa vitu ambavyo anaweza kuvikagua na kuona si vyake. Kumwambia anavyojisikia ndiko kubaya zaidi, kwa sababu hakuna mtu anayependa kuelezwa moyo wake na asiyemjua.

Kitendo hakibishiwi hivyo. Andika: "Mwezi unaisha Jumatano. Unahesabu noti mezani, unazigawa mafungu mawili, fungu moja unalirudisha kwenye pochi." Kila mtu amewahi kuhesabu noti na kubakiza. Mkono wake umekwisha kuingia kwenye hadithi bila kuulizwa kama anataka. Watoto ukiwahitaji, tundika sare za shule kwenye kamba uani. Benki huihitaji hata kidogo.

Sasa njoo kwenye uamuzi wenyewe, maana hapo ndipo penye kazi. Katika rasimu yako, dada anapigiwa simu kwamba bibi yake amefariki Singida, anaomba ruhusa ya wiki moja, na aya inayofuata mwajiri anampa nusu ya mshahara wa mwezi uliokwisha. Hapo msomaji anashuka. Ameona ukatili, na mkatili ni mtu mwingine, si yeye. Ukishampoteza hapo, kuendelea kumwita "wewe" kunakuwa kelele.

Mpandishe ngazi polepole, na kila ngazi iwe na sababu ambayo yeye mwenyewe amewahi kuitoa. Kwanza anatoa ruhusa bila kusita, tena anatoa na pole. Anamwongezea nauli ya kwenda kutoka mfukoni mwake. Halafu kazini kuna mwenzake anayesema, akichanganya chai, "Ukimpa zote harudi, shoga, hawa nawajua." Halafu mwaka jana yupo dada aliyeondoka kwenda kumwona mama yake na hakurudi, na wewe ukaomba ruhusa kazini siku kadhaa ukikaa na mtoto mwenye homa. Huo ni ukweli, na ni taabu. Msomaji aliyewahi kupitia hayo anatikisa kichwa kukubali. Ukifika "Unampa nusu, unamwambia nyingine ataikuta akirudi," anaona ni busara ya kawaida. Amesaini.

Lakini sababu peke yake hazitoshi. Pale pale anapokubali, aione njia nyingine iko wazi. Bila njia ya pili hakuna uamuzi, kuna kuburutwa tu, na anayeburutwa hana hatia. Kwa hiyo usimwondoe dada haraka. Asimame kidogo getini akifunga begi ambalo zipu yake imekufa. Pochi iko mezani. Andika sentensi moja tu: "Ukimwita sasa atasikia." Kisha geti lifungwe. Sentensi hiyo inafanya kazi ambayo kurasa tatu za lawama haziwezi, kwa sababu msomaji atakumbuka kwamba alipewa nafasi na akasoma akapita.

Njeo, yaani nyakati za vitenzi, nazo uziangalie, maana umezichanganya kama zinazolingana, na kwa nafsi ya pili hazilingani hata kidogo. "Unampa nusu" iko mbele ya macho, bado inaweza kugeuka. "Ulimpa nusu" ni mashitaka yanasomwa, na msomaji anaanza kujitetea mara moja: sikumpa, sikuwepo. "Utampa nusu" inamwondolea hiari, ni amri au utabiri, na anayetabiriwa hahukumiki. Ile "hu-" ya mazoea ndiyo uiepuke kabisa, kwa kuwa haina nafsi ndani yake: ulipoandika "hutoa nusu kila mara", yule "wewe" wako ametoweka na tumebaki na desturi ya watu wote. Iandike hadithi nzima kwa "-na-". Habari ya dada wa mwaka jana ipeleke kwenye "-li-" na "-ka-", iwe kumbukumbu inayokwenda mbio, "ulimsubiri, ukapiga simu, ukakuta imezimwa", kwa sababu hiyo imekwisha na haina uamuzi tena. Na "-nge-" itumie mara moja tu katika hadithi nzima. Wewe umeitumia kila mahali, na "ungempa zote", "ungemwita", "ungejua" zikirundikana hivyo zinakuwa maombolezo ya mwandishi, si ya msomaji.

Kuna jambo la lugha yetu ambalo huenda ndilo lililomchosha rafiki yako bila yeye kulijua. Kiswahili kinamtia mtu ndani ya kitenzi. "Unampa" imekwisha kumtaja. Wewe kila sentensi unaongeza "wewe unampa", "wewe unafunga", na neno hilo likisimama peke yake linanyoosha kidole, hasa kwetu ambako mtu akiitwa "we!" anajua ameshikwa. Yafute yote. Libaki moja, nalo nitakuonyesha mahali pake.

Tena chunga ile "u-", kwa maana si ya mtu peke yake. Mshahara, mwezi, mlango, mzigo, msiba, vyote vinaichukua. Umeandika: "Mshahara uko mezani. Umechelewa tena." Nani kachelewa, mshahara au mimi? Nilirudia mara mbili. Kwa "yeye" utata huo usingekuwepo. Pengine ungeweza kuuacha kwa makusudi mahali pamoja, lakini kwa sasa umetokea kila ukurasa na unamkwaza msomaji. Sema "fedha" au "noti" pale inapowezekana, uzipe "zi-" zake, na "u-" ibaki ya mtu.

Nimeacha kwa baadaye swali ambalo kwangu ndilo kubwa: huyu "wewe" anaitwa na kinywa cha nani? Katika rasimu yako anaitwa na mwandishi aliyekaa juu, anayejua mwisho, na ndiyo maana kuna harufu ya mahubiri. Tazama alivyofanya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir katika shairi lake la Al-Inkishafi. Hamwambii msomaji kitu. Anauambia moyo wake mwenyewe, anauuliza kwa nini haujifunzi, kisha anautembeza kwenye majumba ya mji wa Pate yaliyokuwa na taa na watumwa na karamu, ambamo sasa popo wananing'inia. Sisi tunasikiliza ugomvi wa mtu na moyo wake. Hatujashambuliwa, kwa hiyo hatujajikinga, na maneno yanapita moja kwa moja. Moyo wake unafanana na wetu kiasi kwamba hatujui ni lini tumeanza kuulizwa sisi.

Wewe pia mpe kinywa. Ushauri wangu ni kwamba anayesema awe mwajiri mwenyewe, usiku baada ya ile simu ya muuguzi ya mwishoni, akijisimulia alivyofika hapo. Huna haja ya kulitangaza. Lakini ukilijua, litakuamulia mengi: mtu anayejisemea hajielezi umri wake wala kazi yake, wala hajiiti mkatili. Anajipa sababu. Anakumbuka ile zipu. Na lile swali la kama ni mbwembwe utaweza kulipima kwa aya moja moja: ibadilishe aya iwe "anampa", uisome kwa sauti. Ikiwa haijapoteza kitu, basi katika aya ile "wewe" ilikuwa pambo. Ile ya getini itapoteza, kwa sababu kwa "anampa" nitakaa pembeni nimhukumu mwajiri huyo, na kwa "nampa" nitamsamehe kwa kuwa anaungama. Kwa "unampa" sina wa kumhukumu wala wa kumsamehe.

Kuna msomaji mmoja ambaye hukumfikiria. Yupo dada atakayeisoma hadithi hii kwenye simu yake, jikoni kwa watu, wakati wali unakauka. Yeye ameshikiliwa nusu, hakushikilia. Ukimwita "wewe" na kumkalisha kwenye kiti cha mwajiri wake bila neno lolote, umemwonea. Nisingemtengenezea hadithi nyingine, lakini ningeweka sentensi mbili ambamo mwajiri anakumbuka alivyolelewa kwa shangazi yake akiosha vyombo vya nyumba nzima ili asomeshwe, na nani alikuwa anamwekea nauli ya likizo. Ziwe mbili tu, mapema, kabla ya ile chai ya kazini. Hapo dada atajua kwamba aliyesimama upande ule wa meza alianzia upande huu, na msomaji mwingine naye atapoteza kisingizio cha kutojua.

Mwisho wako una kosa moja. Dada anarudi, nauli inamwishia Dodoma, anaugua stendi, muuguzi anakupigia simu. Hayo ni sawa, na njia ya Singida kuja Dar inapita hapo kweli. Muuguzi anauliza, "Wewe ndiye unayekaa naye?" Hapo ndipo mahali pa ile "wewe" moja niliyokuachia, kwa sababu safari hii imetoka kwenye kinywa cha mtu mwenye haki ya kuuliza. Kisha anataka majina kamili ya kuandika kwenye daftari. Jina la kwanza unalo. "La baba?" Na wewe mwandishi ukaandika: "Unajua sasa kwamba umekosea." Kata sentensi hiyo. Msomaji asiyelijua jina la baba wa dada anayemlelea watoto hahitaji kuambiwa, na anayelijua usimsingizie. Ishie kwenye swali la muuguzi, na jibu usiliandike.

Nitumie rasimu ya pili ukishaipanga upya ile ngazi ya ruhusa mpaka getini. Aya ya jikoni, ile ya mtoto kumuuliza dada anarudi lini, usiiguse, iko sawa kama ilivyo.

Mama yako