Sabtaito na jinsia iliyofichwa

*Mwalimu, shikamoo. Tumemaliza filamu tuliyoipigia Chamwino na Bahi, na sasa tunaweka sabtaito za Kiingereza ili tuipeleke kwenye matamasha ya nje. Bibi anamsubiri mdogo wake anayekuja na lori kutoka Manyoni. Mtazamaji asijue kama ni mwanamume au mwanamke hadi lori lisimame uani. Kwa Kiswahili imekwenda bila shida, ila Kiingereza kinatulazimisha kuchagua. Tufanyeje?*

Marahaba. Kabla ya kugusa Kiingereza, soma kwanza mswada wenyewe. “Mdogo wangu”, “kafika”, “mwambie” na “mzigo wake” havitaji jinsia, na hata bibi akichanganya Kigogo, kiambishi cha nafsi hakitamsaliti. Wasaliti wa Kiswahili ni majina ya undugu: jirani akisema “wifi yako” au mtoto akimwita “shangazi”, siri imekwisha kabla ya sabtaito kuingia.

Kwa Kiingereza, watu wengi watakushauri utumie `they` kwa mtu mmoja. Siku hizi inakubalika, lakini kwenye filamu yenu ina kasoro. Ndani ya lori kuna dereva. Bibi akisema “Amelala njiani”, mtazamaji asiyejua Kiswahili akasoma `they`, atadhani ni dereva na abiria wake pamoja. Sisi tuna “amelala” na “wamelala”. Yeye hana cha kumtofautishia. Itumieni pale tu ambapo hakuna mtu mwingine wa kuchanganywa naye.

Mimi ningeanza na njia ya kumtaja mhusika kwa nafasi yake kwenye familia, kisha kuliacha tendo bila mtendaji. Chukua maneno haya ya bibi: “Mdogo wangu kafika Manyoni, kesho asubuhi yuko hapa. Ana homa, hajala tangu jana.” Kama ni kitinda mimba, yanaweza kuwa hivi:

```
41
00:12:08,400 --> 00:12:11,600
The youngest is in Manyoni.
Here by tomorrow morning.

42
00:12:11,800 --> 00:12:13,900
Feverish. No food since yesterday.
```

Angalia muda. Sabtaito ya kwanza ina herufi 52, nafasi na vituo vikiwemo, na inakaa kwenye skrini sekunde 3.2, yaani herufi kama 16 kwa sekunde. Wengi katika kazi hii hujitahidi wasizidi 17 hivi, na mstari mmoja usipite herufi 42. Hapo ndipo tafsiri za Kiswahili hukwama: “hajala” ni neno moja mdomoni, lakini Kiingereza kamili hudai maneno manne. Kumwondoa mtendaji kunaficha jinsia na kunaokoa nafasi pia.

Msiizidishe lakini. Sabtaito tatu au nne mfululizo zisizo na mtendaji husomeka kama simu ya maandishi ya zamani, na mtazamaji makini hushtuka kwamba anafichwa kitu. Ikifika ya tatu, geuzeni sentensi imhusu msemaji: “Aliniahidi” iwe bibi ameahidiwa, “Hanisikilizi” iwe bibi hasikilizwi. Maana inabaki, na Kiingereza kinasikika cha kawaida.

Mkimaliza, tafuteni kwenye faili maneno `he`, `she`, `him`, `his`, `her`, `brother` na `sister`, kila moja kama neno zima, maana `he` imejificha pia ndani ya `the`. Yakitokea kuhusu mtu mwingine hayana tatizo. Kisha mwonyesheni filamu mtu asiyejua Kiswahili, muisimamishe kabla lori halijaingia uani, mumwombe amweleze huyo anayesubiriwa. Akisema “yule kaka”, rudini naye nyuma hadi mstari uliompa wazo hilo. Mara nyingine kosa halimo kwenye maandishi kabisa. Ni viatu vya kiume mlivyoviweka mlangoni.

Kuna mahali pawili siri huvujia hata sabtaito zikiwa safi. Pa kwanza ni muhtasari wa hadithi unaojazwa kwenye fomu ya tamasha. Mara nyingi anauandika mtu wa uzalishaji usiku wa mwisho, na hapo ndipo “dada aliyepotea” hujitokeza waziwazi.

Pa pili ni tafsiri ya tafsiri. Mkienda kwenye tamasha la filamu la FESPACO huko Ouagadougou, watazamaji wengi watahitaji Kifaransa, na mtafsiri wa Kifaransa kwa kawaida hupewa Kiingereza chenu. Kifaransa kinabana zaidi: kiwakilishi kina jinsia, na hata “amefika” hubadilika kwa maandishi kufuata aliyefika. Mtafsiri asipoonywa atabahatisha. Kwa hiyo mpelekeeni orodha ya mazungumzo yenye Kiswahili, Kiingereza na safu ya tatu ya maelezo, na kwenye kila mstari unaomhusu mdogo wa bibi andikeni: jinsia isijulikane hadi lori lisimame. Wekeni na saa kamili ya picha hiyo, ajue ni wapi anaruhusiwa kuifichua.