Desktopu 30 za mtumba: OptiPlex 7050 au 7060?

Swali: Mimi ni mwalimu wa kompyuta katika chuo kidogo huku Githurai. Tunataka kununua desktopu 30 za mtumba. Muuzaji mmoja pale Luthuli ana Dell OptiPlex 7050 za i5 kwa shilingi 14,500, na OptiPlex 7060, i5 pia, kwa 22,500. Zote zina ram ya GB 8 na SSD ya GB 256, na zote nimeziona zikiwaka na Windows 11. Kwa nini niongeze shilingi 240,000? Na siku ya kuzichukua nikague nini?

Jibu: Mwalimu, Windows 11 uliyoiona kwenye 7050 imeingizwa kwa mlango wa nyuma. Kuna flashi za kusakinisha ambazo hutengenezwa kwa programu ya Rufus na kuruka ukaguzi wa mahitaji ya Windows 11, na wauzaji wengi mjini wanazo. Mashine inawaka vizuri, inafungua kila kitu, na mnunuzi anaridhika. Lakini Microsoft hukubali prosesa za Intel Core kuanzia kizazi cha 8, isipokuwa chache mno za cha 7 ambazo hutazikuta kwenye OptiPlex. 7050 ni ya kizazi cha 6 au cha 7. Muuzaji anaweza hata kukuonyesha kwamba ina chipu ya usalama ya TPM 2.0, na huenda asiwe anadanganya, ila hicho ni kigezo kimoja tu. Prosesa ndiyo inayokwama.

Shida yake haionekani siku ya kwanza. Kila toleo la Windows 11 Pro hutunzwa kwa miezi 24, kisha lazima uhamie toleo jipya. 7060 italetewa toleo hilo yenyewe kupitia Windows Update. 7050 haitaletewa. Itakubidi uzunguke maabara nzima na flashi, mashine baada ya mashine, kila toleo linapoisha muda, huku ukiomba Microsoft isiubane huo mlango. Kurudi Windows 10 nako si suluhisho, kwa sababu msaada wake wa kawaida ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Isitoshe, i5-7500 ina kiini 4 na i5-8500 ina 6, tofauti ambayo wanafunzi wataihisi wakifungua Excel na kivinjari kwa pamoja.

Kwa hiyo mimi ningenunua 7060. Ningekubali 7050 kwa sharti moja tu: kwamba chuo kitatumia Linux. Ubuntu 24.04 inatunzwa hadi 2029 na hiyo mashine inaibeba bila taabu. Lakini kama silabasi yako inataka Word na Excel zenyewe, basi 14,500 ni bei ya mashine ambayo haitakufaa.

Ukimkuta muuzaji mwingine mwenye HP au Lenovo, usifuate i5, fuata tarakimu zinazofuata. i5-6500 ni kizazi cha 6, i5-8500 ni cha 8, i5-10500 ni cha 10. Jina la modeli husaidia, ila si mara zote: EliteDesk 800 G4 ni kizazi cha 8, lakini ProDesk 400 G4 ya kesi ya SFF ni cha 6 au cha 7, na kwa ProDesk hiyo unahitaji G5. Kwa Lenovo, M710 na M910 ziache, chukua M720 na M920.

Stika iliyo mbele ya kesi usiiamini. Ndani ya 7060 i5 inaweza kutolewa ikawekwa Pentium, na mashine ikaendelea kuwaka vilevile. Ram nayo hupungua njiani. Kagua zote 30, si tano za juu. Weka flashi, fungua PowerShell na uendeshe hii, ukibadilisha `E:` kama flashi yako imepewa herufi nyingine:

```powershell
$s = (Get-CimInstance Win32_BIOS).SerialNumber
$p = (Get-CimInstance Win32_Processor).Name
$r = (Get-CimInstance Win32_PhysicalMemory | Measure-Object Capacity -Sum).Sum / 1GB
$d = (Get-PhysicalDisk | Where-Object BusType -ne 'USB').FriendlyName
"$s,$p,$r,$d" | Add-Content E:\orodha.csv
```

Utapata orodha yenye namba ya kila mashine, prosesa, ram na diski. Mwambie muuzaji aandike namba hizohizo kwenye risiti. Bila hivyo, ukirudisha mbovu baada ya wiki mbili, atakuambia hiyo si yake.

Sasa nije kwenye jambo ambalo watu hawalikagui kabisa, nalo ndilo linalouma zaidi. Desktopu hizi zilikuwa za kampuni huko Ulaya, na kampuni nyingi husajili mashine zao kwenye huduma ya Microsoft iitwayo Autopilot. Usajili huo haukai kwenye diski. Unakaa kwa Microsoft, umefungwa na alama za ubao mama, na mwenye kuufuta ni kampuni iliyousajili. Kampuni ikisahau kufuta kabla ya kuuza, mashine inakuja Nairobi ikiwa bado ni mali yao kimtandao. Fundi wa duka akiisakinisha bila intaneti, haionyeshi chochote. Wewe ukiisakinisha upya chuoni ikiwa mtandaoni, inakupokea kwa jina la kampuni usiyoijua na kudai barua pepe ya mfanyakazi wake. Kufuta diski hakusaidii, wala kubadilisha diski.

Njia ya kuijua ni kusakinisha Windows upya palepale dukani, mashine ikiwa mtandaoni tangu hatua ya kuchagua nchi. Desktopu nyingi hazina kadi ya waifai, kwa hiyo beba kebo ya mtandao au uunganishe simu kwa kebo ya USB. Ukiweza kupanga mashine sita mezani kwa wakati mmoja, zote 30 zinaisha kwa siku moja. Ikitokea jina la kampuni, itenge. Usikubali ahadi kwamba "itafunguliwa".

Kusakinisha upya kunakupa faida nyingine. Leseni ya Windows Pro iliyokuja na 7060 kutoka kiwandani imo ndani ya BIOS, na mashine ikishika mtandao hujiwezesha yenyewe. Andika `slmgr /xpr`. Ikijibu kwamba uwezeshaji una tarehe ya kuisha, ujue kuna mtu aliyeweka leseni ya bandia. Ikijibu "Notification mode" ilhali iko mtandaoni, huenda mashine haikuja na leseni.

Kabla hujainuka, ingia BIOS kwa F2. Ikidai nenosiri, irudishe. Ukiingia, tafuta Computrace au Absolute: ikiwa imewekwa Activate, irudishe pia, maana hicho ni kifaa cha kufuatilia mashine iliyoibwa na hakizimwi kutoka hapo. Saa ikiwa imerudi nyuma miaka, ni betri ya CR2032 tu, si sababu ya kukataa.

Halafu uliza kuhusu skrini. 7060 nyingi zina DisplayPort pekee nyuma, na skrini za mtumba nyingi zina VGA. Bei ya adapta 30 iingie kwenye mapatano kabla hujatuma M-Pesa.